Karatasi Isiyojua Kupima Hatari

Tumeonyeshwa karatasi moja ya ukaguzi wa jengo linalojengwa hapa kisiwani kwetu. Hatutalitaja jengo lenyewe wala mwenye kulijenga, kwa kuwa kusudi letu si kumtia mtu aibu, na kwa kuwa karatasi za namna hiyo ni nyingi. Jengo ni la ghorofa mbili, karibu na pwani. Mbele yake, juu ya njia ambayo watoto huipita asubuhi kwenda skuli na jioni kwenda chuoni, imetokeza roshani ya upana wa mita moja na nusu. Karatasi ilijazwa asubuhi ya siku ya kumwaga zege la sakafu ya juu pamoja na roshani hiyo. Ina mistari 24. Mbele ya mistari 21 imetiwa alama ya "ndiyo", na mbele ya mistari mitatu pameandikwa "hapana". Chini kabisa mkaguzi amepiga hesabu, akapata asilimia 87.5, akaandika: "Inaridhisha. Kazi iendelee." Saini ipo na muhuri upo. Zege likamwagwa siku ile ile.

Mwanafunzi aliyekosa maswali matatu kati ya 24 hupongezwa na wazee wake, na ni haki yake. Lakini jengo halifanyi mtihani. Tuliisoma ile mistari mitatu ya "hapana". Wa kwanza unasema kuwa kibao chenye jina la mkandarasi na namba ya kibali hakijawekwa. Wa pili unasema kuwa vipande vya mbao na mifuko mitupu ya saruji imetapakaa uwanjani. Wa tatu unasema kuwa nondo za juu za roshani zimekanyagwa na hazipo mahali pake. Kwa hesabu ya karatasi ile, kila mmoja kati ya mistari hiyo umepunguza asilimia nne na kidogo. Kukosekana kwa kibao na kukanyagwa kwa nondo ni makosa ndugu.

Sisi tunasema si ndugu hata kidogo, na tungependa kuwaeleza wasomaji wetu wasio mafundi sababu yake.

Zege lina nguvu kubwa likibanwa, lakini likivutwa hupasuka upesi. Nondo ndizo zinazobeba mvuto huo. Sakafu ya kawaida iliyolala juu ya kuta mbili hupinda kuelekea chini katikati yake, hivyo upande unaovutwa ni wa chini, na nondo kuu huwekwa chini. Roshani ni kinyume. Imeshikwa upande mmoja tu, kama mkono ulionyooshwa, na mzigo huinamisha ncha yake. Upande unaovutwa ni wa juu, hasa pale inapoungana na ukuta. Kwa hiyo nondo zake kuu ni lazima zikae juu.

Roshani tunayoisema ina unene wa milimita 150. Kwa kuwa iko karibu na bahari, nondo zake za milimita 12 zilitakiwa kufunikwa na zege la milimita 40 kwa juu. Maana yake ni kwamba kitovu cha nondo kilitakiwa kuwa milimita 104 kutoka uso wa chini. Sasa vibarua wenye ndoo wanapita juu ya nondo tangu alfajiri, waya wa kufungia unalegea, vile vigoda vya chuma vinavyozinyanyua vinalala ubavu, na nondo zinashuka milimita 50. Kina kilichobaki ni milimita 54. Nguvu ya roshani hufuata kina hicho karibu sawasawa, basi imebaki kiasi cha nusu tu. Nondo ni zile zile kwa idadi, saruji ni ile ile, na lipu ikishapakwa hakuna jicho litakaloona tofauti. Roshani itasimama vizuri maadamu mirunda iko chini yake. Itaanza kusema kweli siku mirunda itakapoondolewa, au siku ya harusi, watakapojazana watu juu yake kumtazama bwana harusi akipita.

Kasoro hiyo, asubuhi ile kabla ya zege, ilikuwa ni kazi ya saa moja ya mafundi wawili: kunyanyua nondo, kusimamisha vigoda, kufunga upya waya, na kuweka mbao za kupitia ili watu wasikanyage tena. Baada ya zege haina dawa ila kuvunja. Mkaguzi aliiona. Hilo ndilo linalotuhuzunisha zaidi, kwamba hakuwa kipofu wala mvivu, aliona, akaandika, na karatasi ikamnyamazisha kwa sababu haikuwa na nafasi ya kuuliza: "Hapana hii ina uzito gani?"

Ndiyo maana tunashauri kwamba kila mstari wa karatasi ya ukaguzi ujibiwe mara mbili. Jibu la kwanza ni la hali, yaani sharti limetimizwa au la. Jibu la pili ni la uzito, yaani kama halikutimizwa, ni jambo gani laweza kutokea, kwa nani, na je, litaweza kurekebishwa baadaye? Majibu haya mawili hayana budi kutenganishwa. Mkaguzi anayeyachanganya huona kosa dogo akaliita "ndiyo kwa kiasi fulani", na huona kosa kubwa akalificha ndani ya hesabu ya asilimia.

Katika uzito, daraja tatu zinatosha. Kuna hatari ya papo hapo, ambayo inasimamisha kazi ya sehemu ile mara moja na kuwaondoa watu. Kuna kasoro kubwa, ambayo haitaua mtu leo lakini haina budi kuondolewa kabla hatua inayofuata haijaifunika. Na kuna kasoro ndogo, ambayo inapewa tarehe ya kurekebishwa na kazi inaendelea. Nondo za roshani zilikuwa kasoro kubwa hadi dakika ile ndoo ya kwanza ya zege ilipomwagwa. Siku watakapotaka kuondoa mirunda zitakuwa hatari ya papo hapo. Takataka za uwanjani ni kasoro ndogo, isipokuwa kama zimelala juu ya njia ya kukimbilia au kuna mbao zenye misumari iliyosimama. Kibao cha jina ni kasoro ndogo, ingawa sheria inakitaka na mkandarasi anastahili kuulizwa.

Uzito haupimwi kwa gharama ya kurekebisha, wala kwa cheo cha mwenye jengo. Haupimwi hata kwa jina la kasoro peke yake, kwani mahali hubadili mambo. Jukwaa la mafundi lisilo na ubao wa kuzuia vitu pembezoni, likiwa juu ya ua uliofungwa ambako hapiti mtu, ni kasoro ya kurekebishwa. Jukwaa hilo hilo likiwa juu ya njia ya skuli ni hatari ya papo hapo, kwa sababu tofali moja likisukumwa kwa mguu kutoka ghorofa ya pili halichagui kichwa. Mkaguzi aandike alichokiona, na aandike pia kilicho chini yake.

Lipo na kosa la upande wa pili. Mkaguzi mwenye hofu huandika "simamisha" mbele ya kila kitu ili asije akalaumiwa. Baada ya miezi michache hakuna fundi anayemsikiliza, na siku anaposimamisha kwa haki wanamwona ni yule yule. Daraja za uzito zina faida pale tu daraja la juu linapotumiwa mara chache na kutiiwa kila mara.

Tukirudi kwenye karatasi yetu, tatizo halikuwa katika zile "hapana" tatu peke yake. Tulizichungulia na zile "ndiyo" 21. Mstari mmoja unauliza kama winchi ya kupandishia mizigo ina cheti. Jibu ni "ndiyo". Uwanjani hapana winchi. Zege lilipandishwa kwa ndoo na mabega ya watu. Mistari minne ilikuwa ya namna hiyo, ya vitu visivyokuwepo kabisa, na yote imehesabiwa kuwa ushindi. Jibu la haki lilikuwa "haihusiki", na mstari wa haihusiki hauingii katika hesabu yoyote.

Mstari mwingine unauliza kama nondo za nguzo za chini zimefungwa kwa mujibu wa mchoro. Jibu ni "ndiyo". Lakini nguzo zile zilikuwa zimekwisha kumwagwa zege majuma mawili kabla mkaguzi hajafika. Aliona zege, hakuona nondo. Alimwuliza fundi, fundi akamhakikishia, na neno la fundi likageuka alama ya ndiyo. Hapo panahitajika jibu la nne ambalo karatasi zetu nyingi hazina: "haikuthibitishwa". Si shutuma juu ya fundi. Ni taarifa ya kweli kwamba mwenye kutia saini hakuona kwa macho yake, hakupima, wala hakuonyeshwa cheti. Na jambo lisilothibitishwa lipewe uzito ule ule ambao lingepewa kama lingekutwa na kosa. Ikiwa nondo za nguzo zikikosewa ni kasoro kubwa, basi nondo za nguzo zisizoonekana nazo ni kasoro kubwa, mpaka pale zitakapothibitishwa.

Kwa sisi watu wa visiwani, mstari unaostahili kushughulikiwa zaidi kwa jibu hilo la nne ni ule wa mchanga. Karatasi inauliza: "Mchanga hauna chumvi?" Jibu: "Ndiyo." Kwa ushahidi gani? Tunaambiwa kwamba fundi aliuonja. Wasomaji wetu wanajua jinsi mchanga mzuri wa ndani ulivyokuwa adimu, na jinsi magari yanavyoteremka pwani usiku. Chumvi haiudhi zege lenyewe sana, bali hula ile ngozi nyembamba inayoikinga nondo ndani ya zege. Ngozi ikishaliwa, nondo hupata kutu, na kutu hutaka nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma iliyokula. Basi zege husukumwa kutoka ndani. Baada ya miaka michache huonekana ufa mwembamba uliofuata mstari wa nondo, kisha doa la rangi ya hudhurungi, kisha vipande vya zege huanza kuanguka. Kila mwenye kutembea katika mitaa yetu ya pwani amekwisha kuona dari za namna hiyo.

Ulimi ni kipimo dhaifu. Lipo jaribio rahisi: mchanga huoshwa kwa maji yaliyotoneshwa, maji yale huchujwa, kisha hutiwa matone ya dawa iitwayo nitrati ya fedha. Maji yakigeuka meupe kama maziwa, chumvi ipo. Jaribio hilo linaonya tu, halisemi chumvi ni kiasi gani, na likifanywa kwa maji ya kisima cha pwani litadanganya kwa sababu maji yenyewe yana chumvi. Kiasi hupimwa maabara. Mkaguzi asiye na majibu ya maabara mkononi aandike "haikuthibitishwa, kasoro kubwa". Aandike kubwa ingawa hapana mtu atakayeumia kesho, kwa sababu mchanga ukishaingia katika zege hauondoki tena. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, wakidhani kuwa jambo lisilo la haraka si zito.

Kisha kuna mstari usemao: "Mirunda ni imara na imepangwa vizuri?" Hilo si swali la ukaguzi. Ni maswali mawili yaliyofungwa pamoja, na hakuna hata moja linaloweza kupimwa. Imara kwa kiasi gani, na vizuri kwa macho ya nani? Karatasi iulize kama kila mrunda umesimama juu ya ubao, maana ardhi yetu ya mchanga hunywea miti isiyo na ubao, hasa mvua za masika zikishaloanisha. Iulize kama kuna mirunda iliyoungwa kwa vipande viwili na misumari, na ni mingapi. Iulize kama imefungwa kwa miti ya mshazari katika pande zote mbili. Mkaguzi auguse kila mrunda kwa mkono: unaozunguka au kucheza haubebi kitu, na mzigo wake umehamia kwa jirani zake. Mtu awaye yote anayejua kusoma anaweza kujibu maswali kama hayo, na watu wawili wakijibu kila mmoja peke yake watapata jibu moja.

Tulimwomba mhandisi mmoja, rafiki wa gazeti hili, aijaze upya karatasi ile kwa majibu manne na daraja tatu, akitumia maelezo yale yale ya asubuhi ile bila ya kuongeza neno. Alipata mistari 15 iliyotimia, minne isiyohusika, miwili isiyothibitishwa, yaani nguzo na mchanga, na mitatu isiyotimia. Kasoro kubwa zikawa tatu: roshani, nguzo na mchanga. Hakupiga asilimia. Kwa desturi ya kazi hiyo, alisema, karatasi nzima huchukua hukumu ya mstari wake mbaya kuliko yote, wala mistari mizuri haiwezi kuununua. Mstari wa roshani aliuandika hivi: "Nondo za juu za roshani. Haijatimia. Kasoro kubwa. Zimeshuka kiasi cha milimita 50, zimepimwa mahali patatu. Zege la roshani lisimwagwe mpaka zinyanyuliwe na kupimwa tena na mkaguzi." Maneno hayo yanaingia katika mstari mmoja wa karatasi, na fundi akiyasoma anajua la kufanya.

Tunajua kuwa maofisa wa idara zinazohusika watatujibu kwamba wakaguzi ni wachache na majengo ni mengi. Ni kweli. Lakini mkaguzi mchache ndiye hasa anayehitaji daraja za uzito. Mwenye majengo kumi na siku moja aende kwanza kwenye jengo lenye kasoro kubwa ambayo itafunikwa kesho, na kibao cha jina kitamngojea. Kwa karatasi za leo, zenye asilimia 87 hapa na 92 kule, hana namna ya kujua aanzie wapi. Na pengine lile la 92 ndilo baya zaidi.

Tunaomba pia kwamba kasoro iliyokwisha kurekebishwa isifutwe kwa wino mweupe na kugeuzwa "ndiyo". Mstari wa zamani ubaki kama ulivyo, na chini yake iandikwe tarehe ya marekebisho na jina la aliyethibitisha. Mwenye kununua nyumba hiyo baada ya miaka 20 ana haki ya kujua yaliyotokea. Hayo yote hayahitaji sheria mpya wala fedha za kigeni. Yanahitaji karatasi ichorwe upya, yenye safu mbili zaidi, na nakala yake ibaki uwanjani mahali ambapo sheha na jirani wanaweza kuisoma.

Hatuyasemi haya kwa kubahatisha balaa. Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka asubuhi, na watu 36 walipoteza maisha. Hapa kwetu, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash lililojengwa mwaka 1883, ilianguka wakati likifanyiwa matengenezo, na watu wawili wakafa. Hatufananishi majengo hayo na nyumba ya ghorofa mbili, na sababu za kuanguka si za aina moja. Tunakumbusha tu kwamba yote mawili yalianguka mafundi wakiwa kazini, kipindi ambacho karatasi za ukaguzi ndizo zinazotakiwa kusema.

Sasa tuseme juu ya roshani ile. Wakati tunaandika haya, mirunda bado iko chini yake, na watoto bado wanapita. Tunamwomba mwenye mamlaka atoe amri kwa maandishi kwamba mirunda isiondolewe, hata kama siku zake za kawaida zimetimia, na kwamba njia ile ifungwe na watu wazungushwe upande wa nyuma. Kipo kifaa cha kupimia nondo ndani ya zege bila ya kulivunja, kinachoonyesha kina chake kwa milimita. Kikikosekana, fundi atoboe vishimo vidogo mahali patatu karibu na ukuta na kupima kwa rula. Nondo zikikutwa kwenye milimita 40 kutoka juu, au karibu na hapo, mwenye jengo atakuwa amepoteza siku moja. Zikikutwa kwenye 90, roshani ivunjwe kuanzia kwenye ncha kurudi ukutani, mirunda ikiwa bado imesimama, na ijengwe upya. Matokeo ya kipimo hicho, yakiwa mema au mabaya, tuko tayari kuyachapisha katika ukurasa huu.